Kilo Zilizopungua ni za Mafuta au za Nyama?



Mizani ni chombo chenye jibu moja tu. Ukipanda juu yake hukuambia uzito wako, na hapo kazi yake imekwisha. Haiwezi kukuambia ni kiasi gani cha uzito huo ni mafuta, na ni kiasi gani ni misuli, mifupa, damu na maji. Kwa sababu hiyo mtu aliyeagizwa na daktari kupunguza mwili anaweza kushangilia kilo tano zilizotoka, kumbe sehemu kubwa ya kilo hizo ilikuwa nguvu yake ya kufanyia kazi. Wiki hii tutazungumza juu ya kipimo kinachojaribu kujibu swali ambalo mizani haiwezi: kupima mikunjo ya ngozi kwa kalipa.

Kalipa ya aina hii ni koleo dogo lenye taya mbili, springi, na sahani ya namba kama ya saa. Zilizo bora hubana kwa nguvu moja isiyobadilika, yaani gramu 10 kwa kila milimita moja ya mraba, ikiwa mkunjo ni mwembamba au ni mnene. Kalipa za aina ya Harpenden, ambazo wataalamu wamezitumia kwa miaka mingi, husomeka hadi sehemu mbili za kumi za milimita. Zipo pia za plastiki za bei nafuu, ambazo nguvu yake hutegemea kidole cha mpimaji. Hizo zaweza kutumika nyumbani, mradi chombo kisibadilishwe kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho. Kabla ya kuanza, hakikisha kwamba taya zikikutana namba ni sifuri. Kisha bana karatasi 100 za kawaida za ofisini, ambazo unene wake hukaribia milimita 10, na uandike namba uliyoipata. Zitunze karatasi hizo. Miezi mitatu baadaye ukizibana tena nazo zikasoma namba nyingine, ujue kwamba kalipa imebadilika.

Msingi wa kazi hii ni rahisi. Sehemu kubwa ya mafuta ya mwili hukaa chini ya ngozi. Ukiishika ngozi kati ya vidole na kuivuta kutoka kwenye msuli, unashika tabaka mbili za ngozi pamoja na mafuta yaliyo katikati. Unene wa mkunjo huo ndio unaopimwa. Lakini mafuta hayatandazwi sawasawa mwilini. Mmoja huyabeba tumboni, mwingine mapajani, mwingine mgongoni. Ndiyo maana hatupimi mahali pamoja, bali mahali kadhaa, kisha tunajumlisha.

Njia tutakayoifuata hapa ni ile ya Durnin na Womersley, iliyochapishwa mwaka 1974. Wataalamu hao waliwapima watu 481 huko Glasgow, Uskochi, wanaume 209 na wanawake 272, wenye umri wa miaka 16 hadi 72. Kila mmoja alipimwa mikunjo minne ya ngozi, na pia alipimwa uzito akiwa amezamishwa majini ili ujulikane msongamano wa mwili wake. Kwa kulinganisha vipimo hivyo viwili, walipata fomula ya kukisia msongamano kutokana na mikunjo peke yake. Tafadhali ukumbuke jambo hilo la Glasgow, maana tutalirudia.

Mahali penyewe ni panne, na pote hupimwa upande wa kulia, mtu akiwa amesimama na mikono imelegea. Mahali pa kwanza ni nyuma ya mkono wa juu. Tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, pima urefu kati yake kwa utepe wa fundi cherehani, kisha weka alama ya kalamu katikati kabisa. Mahali pa pili ni mbele ya mkono huo huo, kwa usawa wa alama ile ile, juu ya msuli unaovimba mtu akikunja mkono. Mikunjo hiyo miwili hushikwa ikisimama wima.

Mahali pa tatu ni mgongoni, chini kidogo ya pembe ya chini ya kombe la bega. Kama pembe hiyo haionekani, mwambie mtu apeleke mkono wake nyuma ya mgongo, kombe litajitokeza. Tia alama, kisha arudishe mkono na kuulegeza. Mkunjo wa hapa hushikwa kwa mshazari, ukiteremka kuelekea ubavuni, kwa kuwa ndivyo ngozi ya mahali hapo inavyojikunja yenyewe. Mahali pa nne ni ubavuni, juu tu ya mfupa wa nyonga, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya kwapa.

Hapa pa nne ndipo watu wengi hupotea. Vipo vitabu vingine vinavyopima mkunjo wa nyonga sentimita kadhaa mbele zaidi, kuelekea tumboni, na kuuita kwa jina linalofanana. Kitabu hicho si kibaya, lakini kina fomula yake. Ukichukua mkunjo wa kitabu kimoja na kuuingiza katika fomula ya kitabu kingine, jibu lako halitakuwa la huyu wala la yule.

Sasa tuje kwenye kushika. Kwa kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, shika ngozi sentimita moja juu ya alama, uivute kidogo itoke kwenye msuli. Usiiachie mpaka umekwisha kusoma. Kwa mkono wa kulia weka taya za kalipa juu ya alama yenyewe, zikiukata mkunjo kwa pembe mraba, na kina chake kiwe nusu ya mkunjo; si kileleni wala shinani. Uachie kabisa mpini wa kalipa ili springi ifanye kazi yake, uhesabu sekunde mbili, kisha usome. Usingoje zaidi ya hapo. Mafuta yakibanwa husinyaa polepole, na sindano itaendelea kushuka mbele ya macho yako.

Kwa sababu hiyo hiyo usipime mahali pamoja mara tatu mfululizo. Zunguka mahali pote panne, andika, kisha anza mzunguko wa pili, halafu wa tatu, ili ngozi ipate nafasi ya kurudia hali yake. Kama namba za mahali pamoja zinapishana kwa zaidi ya milimita moja au sehemu tano katika mia, rudia mahali hapo mara ya nne na uiache ile iliyojitenga.

Utajuaje kama umeshika na msuli? Mwambie mtu akaze msuli wa mahali hapo. Kama ulikuwa umeushika, utausikia ukiponyoka vidoleni, na mkunjo utapungua ghafla. Kama ulishika mafuta tu, mkunjo utabaki vile vile. Halafu alegeze tena ndipo usome. Aidha, usimpime mtu aliyetoka kazini au mazoezini, wala aliyejipaka mafuta. Ngozi yenye jasho huteleza, na baada ya kazi nzito damu hujaa ngozini na kuunenepesha mkunjo. Wakati unaofaa ni asubuhi, kabla jua halijapanda.

Ili tuone hesabu inavyokwenda, tumtunge mtu. Tuseme ni karani wa ghala katika shamba la mkonge huko Mazinde, chini ya milima ya Usambara, katika wilaya ya Korogwe. Ana miaka 34 na uzito wa kilo 78. Yeye hakati mkonge wala hasimami kwenye korona. Kazi yake ni kitini, na mwili umeanza kumzidi. Mganga wa zahanati amempima shinikizo la damu na kumshauri apunguze uzito. Mkewe ndiye anayempima, maana mgongo wako mwenyewe huwezi kuupima, na mkono mmoja hauwezi kujishika wenyewe na kusoma kalipa kwa wakati huo huo.

Nyuma ya mkono mama huyo amepata milimita 12.2, 12.4 na 12.6, wastani ni 12.4. Mbele ya mkono wastani ni 6.2. Mgongoni ni 19.0. Ubavuni amepata 22.2, kisha 25.8, kisha 22.6. Namba ya kati imejitenga, na akichunguza anaona kwamba alama ya kalamu imefutika kwa jasho, naye alishika mbele zaidi. Anapakausha, anatia alama upya, anapima tena na kupata 22.4. Anaiacha ile 25.8, na wastani wa zilizobaki ni 22.4. Jumla ya mahali pote panne ni milimita 60.

Kutoka milimita hadi asilimia kuna hatua mbili. Kwanza tunatafuta msongamano wa mwili, tutakaouita D, kutokana na jumla ya mikunjo, tutakayoiita S. Kwa mwanamume wa miaka 30 hadi 39 fomula ya Durnin na Womersley ni hii:

D = 1.1422 − 0.0544 × log S

Neno log hapo ni logi ya kumi, ambayo hupatikana kwa kitufe kimoja katika vikokotoo vya wanafunzi wa sekondari. Logi ya 60 ni 1.778. Ukiizidisha kwa 0.0544 unapata 0.0967, na ukiitoa katika 1.1422 unabakiwa na 1.0455. Hatua ya pili ni fomula ya Siri ya mwaka 1961:

Asilimia ya mafuta = (4.95 ÷ D − 4.50) × 100

Hapo jibu ni asilimia 23.5. Katika kilo 78 za karani wetu, basi, kilo 18.3 zinakisiwa kuwa mafuta, na kilo 59.7 ni mwili usio mafuta.

Msomaji atauliza kwa nini fomula inataka kujua umri na jinsia. Sababu ni kwamba kalipa huona mafuta ya chini ya ngozi tu. Yaliyojificha ndani, kuzunguka matumbo na kati ya misuli, haiyaoni, na kiasi chake hutofautiana. Milimita hizo hizo 60 kwa kijana wa miaka 20 hadi 29 hutoa asilimia 21. Kwa mwanamume aliyepita miaka 50 hutoa 29, kwa kuwa kadiri umri unavyosogea mafuta huhamia ndani, na mifupa nayo hupungua uzito. Kwa mwanamke wa miaka 30 hadi 39 fomula ni D = 1.1423 − 0.0632 × log S, na milimita 60 humpa asilimia 30.6. Hilo si jambo la kumtisha, kwani mwili wa mwanamke umeumbwa kubeba mafuta zaidi ya wa mwanamume. Basi mume na mke wasishindane kwa asilimia.

Sasa turudi Glasgow. Fomula ile ya Siri inachukulia kwamba mafuta ya kila binadamu yana msongamano wa 0.90, na mwili wake usio mafuta una msongamano wa 1.10. Kwa mafuta si mbali na ukweli. Kwa mwili usio mafuta, inategemea uzito wa mifupa na wingi wa maji, na watu hawafanani. Mwaka 1984 Schutte na wenzake, baada ya kuwapima wanaume weusi wa Marekani, walipendekeza fomula nyingine kwa ajili yao, yenye 4.374 mahali pa 4.95, na 3.928 mahali pa 4.50. Tukiutia msongamano wa karani wetu katika fomula hiyo, asilimia inapanda kutoka 23.5 hadi 25.6. Mikunjo haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kitabu. Tena Mmarekani mweusi si mtu wa Korogwe, kama vile Mskochi naye si mtu wa Korogwe.

Hata kwa Waskochi wenyewe, kisio la mtu mmoja mmoja laweza kupotoka kwa pointi tatu hadi tano. Kwa hiyo karani wetu asitembee akisema kwamba ana asilimia 23.5 ya mafuta. Aseme tu kwamba yuko penye ishirini na kitu. Alichokipima kweli ni milimita 60. Asilimia ni tafsiri ya milimita hizo kwa lugha ya watu wengine.

Je, kipimo hiki basi hakina faida? Kinayo, na faida yenyewe huonekana pale mtu anapopimwa mara ya pili. Kosa linalotokana na mifupa ya karani au na mafuta yake ya ndani ni lake yeye. Alikuwa nalo siku ya kwanza na kwa sehemu kubwa atakuwa nalo miezi mitatu baadaye. Tukilinganisha karani na karani yule yule, kwa kalipa ile ile, kwa mkono wa mke yule yule, kosa hilo hupungua sana.

Tuseme basi ameamua kuacha chakula cha mchana. Ameacha ugali na maharage, anakunywa chai tupu hadi jioni. Baada ya wiki 12 mizani inasoma kilo 73. Kilo tano zimekwenda, na majirani wanamsifu. Mkewe anachukua kalipa, anazipima kwanza zile karatasi 100, kisha anampima mumewe: mbele ya mkono 5.4, nyuma ya mkono 10.2, mgongoni 16.0, ubavuni 18.4. Jumla ni milimita 50. Ukiitia katika fomula zile zile unapata asilimia 21.5, yaani kilo 15.7 za mafuta. Mafuta yaliyotoka, kwa kisio hili, ni kilo 2.6 tu. Kilo 2.4 nyingine zilitoka katika mwili usio mafuta.

Tulitazame jambo hilo kwa upande wa pili, maana ndipo kipimo kinapoonyesha thamani yake. Kama kilo zote tano zingekuwa mafuta, mwili wake wa kilo 73 ungekuwa na mafuta kilo 13.3, ambayo ni asilimia 18 hivi. Ili fomula itoe asilimia hiyo, jumla ya mikunjo ingepaswa kushuka hadi milimita 36 au 37. Yeye yuko kwenye 50. Mpimaji aliyezoea, akifuata utaratibu tuliousema, anaweza kukosea milimita mbili au tatu katika jumla. Hawezi kukosea 13. Kwa hiyo hata tukikataa kuziamini asilimia zenyewe, mizani na kalipa zinasimulia habari mbili tofauti, na tofauti hiyo si ya bahati mbaya.

Hata hivyo tusiseme kwamba misuli yote hiyo imeliwa. Sehemu ya kilo 2.4 huenda ni maji, kwa kuwa mtu anayejinyima chakula hupoteza maji mengi katika wiki za mwanzo. Lakini dalili imeonekana, na inamwambia karani wetu jambo la kutenda. Arudishe maharage yake ya mchana au dagaa, apunguze sukari ya chai na mafuta ya kukaangia, na aupe mwili kazi ya nguvu mara kadhaa kwa wiki, kulima au kubeba, ili misuli iwe na sababu ya kubaki. Amweleze mganga alivyokuwa akila, kisha apimwe tena baada ya wiki sita. Akikuta kwamba mizani imeshuka kilo moja na mikunjo imeshuka milimita sita, ajue ameshika njia nzuri kuliko ile ya kwanza.

Wapo watu ambao kipimo hiki hakiwafai. Fomula hizi hazikutengenezwa kwa watoto walio chini ya miaka 16 wala kwa mama mjamzito. Mtu mwenye kuvimba mwili, ambaye ukibonyeza mguu wake shimo hubaki, mikunjo yake ina maji, na anayemfaa ni daktari. Aliyenenepa sana naye mkunjo wake haushikiki sawasawa, na taya za kalipa huteleza. Huyo apimwe kiuno kwa utepe, usawa ule ule kila mwezi.

Kwa wengine wote, tengenezeni daftari dogo lenye safu saba: tarehe, uzito, mikunjo minne, na jumla yake. Mahali pa asilimia si lazima pawepo. Andikeni pia jina la aliyepima, kwa sababu mikono miwili tofauti haishiki ngozi kwa namna moja, na siku mpimaji akibadilika, mstari mpya uanzie hapo.